Ombi langu lilikuwa mwishoni mwa rekodi

Nina mazoea ya kujirekodi kwenye simu nikiwa natembea, kisha nikifika mezani nageuza ile sauti iwe barua pepe. Zamani nilikuwa naiandika kwa mpangilio uleule niliosema. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea, kwa sababu mtu akizungumza peke yake hufuata njia ya kumbukumbu zake, na jambo kubwa humjia mwisho, baada ya "halafu kumbe…"

Juzi nilikuwa na rekodi ya dakika tatu kuhusu mafunzo tunayoandaa. Nilianza na projekta iliyotusumbua mara iliyopita, nikaingia kwenye chakula, nikalalamika kwamba watu wanaendelea kujiandikisha, na sekunde za mwisho ndiyo nikasema: "Halafu kumbe bosi lazima aidhinishe ule ukumbi mwingine kabla ya kesho kutwa, na bei haijapanda sana."

Siku hizi nasikiliza mpaka mwisho kwanza, kisha najiuliza: msomaji anatakiwa afanye nini? Hilo ndilo linalokaa juu. Projekta na chakula vyote vikatoka, maana bosi hana uamuzi wowote wa kufanya juu yake. Urefu wa barua naupima hivyo, kwa maamuzi ya msomaji. Dakika nilizozungumza hazihusiki.

Kazi ngumu ilikuwa maneno yenyewe. "Kesho kutwa" niliitamka Jumatatu, naandika Jumanne. Ningeiacha ilivyo ingemwelekeza bosi siku isiyo yake. "Ule ukumbi" anaujua nani? Na "haijapanda sana" si jibu kwa mtu anayetia saini. Ikabidi nipige simu kuuliza kabla ya kuendelea. Mwisho ikawa hivi:

*Kichwa: Naomba idhini ya kubadili ukumbi kabla ya Jumatano saa 6 mchana*

*Habari za kazi. Naomba uidhinishe mafunzo ya tarehe 14 yahamie ukumbi wa ghorofa ya pili. Waliojiandikisha wamefika 42, na ukumbi wa sasa unachukua watu 30. Gharama ya ukumbi itaongezeka kwa asilimia 15. Wametushikia nafasi hadi Jumatano saa 6 mchana. Ukikubali, mengine nitayamaliza mwenyewe.*

Rasimu ya kwanza ilikuwa fupi zaidi: "Idhinisha ukumbi wa ghorofa ya pili kabla ya Jumatano." Ilisomeka kama amri. Kwenye rekodi sauti yangu ilikuwa ya upole, lakini upole wa sauti hauingii kwenye maandishi, kwa hiyo "naomba" na salamu havikuwa mapambo. Pia bila ile 42 na 30, bosi angelazimika kuniuliza kwa nini, nami ningeandika barua ya pili.

Alijibu kwa neno moja: "Sawa." Habari ya projekta nilimtumia fundi, mistari miwili.