Mandazi za siku ya 27: projesteroni ama mazoea?

"Dada, wiki moja kabla ya siku zangu nakula kama mtu aliyetoka kufunga. Halafu zikikaribia kabisa nataka mandazi tu. Ni homoni, ama ni tabia yangu?"

Aliyeniuliza ni msusi wa Kondele, Kisumu, na bila kujua alikuwa ameshatenganisha mambo mawili ambayo wabishi wengi huyachanganya: kula zaidi, na kutamani kitu kimoja. Nilimwomba aandike miezi mitatu nyuma ya daftari lake la wateja. Mzunguko wake ni wa siku 29, tukihesabu siku damu inapoanza kuwa siku ya 1. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hivyo kwake ni kama siku ya 15. Kifuko kilichotoa yai hubaki kikitengeneza homoni ya projesteroni, ambayo hufika kilele wiki moja baadaye, karibu siku ya 22, kisha hushuka kama hakuna mimba. Daftari lake lilionyesha ugali ukiongezeka tangu siku ya 20. Mandazi zilianza siku ya 26 na kukoma hedhi ikiwa na siku mbili.

Kwa ugali, wanaotetea homoni wana hoja nzito. Estrojeni, homoni nyingine ya mzunguko, hupunguza hamu ya kula, ndiyo maana wanawake wengi hula kidogo zaidi siku za yai kutoka. Projesteroni inaelekea kuilegeza breki hiyo. Panya jike waliotolewa ovari hawali zaidi wakipewa projesteroni peke yake. Athari yake huonekana estrojeni ikiwepo. Joto la mwili nalo hupanda kati ya nyuzi 0.3 na 0.5, kwa hivyo mwili unatumia nishati zaidi kidogo. Lakini tusikuze mambo: tafiti nyingi hupata ongezeko la kalori mia moja hadi mia tatu hivi kwa siku, yaani mandazi moja ama mbili, na kuna wanawake ambao halionekani kabisa.

Mandazi zenyewe ndizo zinazosumbua nadharia. Kama projesteroni ndiyo inayozitaka, mbona zinaitwa siku ya 27, wakati homoni hiyo imeshashuka?

Jibu maarufu limetoka kwa Judith na Richard Wurtman wa chuo cha MIT, Marekani. Walisema ubongo unatafuta serotonini, kemikali inayotuliza moyo na kupunguza njaa. Ukila wanga, insulini hupanda na kusukuma asidi amino nyingi, yaani vipande vinavyojenga protini, kwenye misuli. Triptofani, asidi amino ambayo ni malighafi ya serotonini, hubaki na washindani wachache mlangoni mwa ubongo, ikaingia kwa wingi. Ni maelezo matamu, na dawa zinazoongeza nguvu ya serotonini kweli huwasaidia wanawake wengi wenye dalili kali kabla ya hedhi. Shida iko kwenye kikombe. Protini kidogo tu katika mlo inatosha kuwarudisha washindani hao na kuzima mchakato huo, na msusi wetu hushushia mandazi zake kwa chai ya maziwa. Hata bila chai, utaratibu huu huchukua saa moja na zaidi, naye anasema anatulia akiwa bado anatafuna.

Upande wa pili unasema tumefundishwa kutamani. Mwaka 1999 watafiti Michener, Rozin na wenzao walijaribu kuziba pengo la homoni: waliwapa wanawake projesteroni siku hizo za mwisho, na kwa wakati mwingine alprazolamu, dawa ya kutuliza wasiwasi. Hamu ya chokoleti na vitamu haikupungua kwa yoyote kati ya hizo. Miaka 10 baadaye Hormes na Rozin waliwauliza waliokoma hedhi, na hamu ya chokoleti ilikuwa imepungua kidogo tu, si kwa kiasi ambacho kingetarajiwa kama hedhi ndiyo iliyokuwa ikiileta.

Mimi naegemea hapa: homoni hufungua njaa, na mazoea huchagua chakula. Aliyekulia Mumias ataota muwa, wa Kondele ataota mandazi, na mwenye kukaa na njaa tangu asubuhi akisuka vichwa sita ataota chochote kilicho karibu. Siku moja ya mwezi wa tatu alikula omena na ugali saa saba badala ya kungoja jioni. Mandazi ilikuwa moja, si tatu. Siku moja haithibitishi kitu, lakini ni jaribio ambalo anaweza kulirudia siku ya 26 hadi ya 28 bila gharama.

Kitu kimoja sikukiacha kipite. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika "odowa", ule udongo unaouzwa sokoni, na si kabla ya hedhi tu bali karibu kila wiki. Hamu hiyo haifuati projesteroni. Mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na yeye hutokwa na damu nyingi kwa siku saba. Nilimwambia aende kliniki apimwe kiwango cha damu, mandazi zingoje.