Naishi Bondeni, nalipwa ukingo wa mlima

Kila nikirudi Dar likizo lazima nikutane na mtu wa kuniambia shilingi ibadilishwe jina, eti ni jina la mkoloni ndo maana haina nguvu, si uangalie wenzetu wa Sauzi, wana randi yao, jina lao wenyewe na hela imesimama. Mimi niko Johannesburg miaka mingi sasa, nalipwa randi na nyumbani natuma shilingi, na hiyo hoja siikubali hata kidogo. Nguvu ya hela haitoki kwenye jina, hilo la kwanza. La pili, hilo jina randi mnalolisifia hamlijui lilikotoka.

Randi imetokana na Witwatersrand. Ni Kiafrikana, wit ni nyeupe, water ni maji, rand ni ukingo au mgongo wa kilima, kwa hiyo Ukingo wa Maji Meupe. Na siyo jina la kwenye vitabu tu, ni vilima kabisa vimelala mashariki kwenda magharibi na jiji la Joburg limekaa juu yake, mtu anayeishi Yeoville au Observatory akitoka nje anakanyaga mawe yenyewe. Kuna kitu kimoja wageni wengi hawakijui, huu ukingo ndo unaogawa maji. Mvua ikinyesha upande wa kaskazini inaingia mto Jukskei, unaoanzia maeneo ya Ellis Park pale, halafu mto Crocodile, halafu Limpopo, inaishia Bahari ya Hindi kule Msumbiji. Ikinyesha upande wa kusini inaingia Klip, halafu Vaal, halafu Orange, inaishia Atlantiki. Watu wa jiji moja, mvua ileile moja, lakini maji yao yanaenda bahari mbili tofauti. Mimi niko upande wa Bahari ya Hindi na huwa nawatania wenzangu kwamba maji ya gata langu yanaelekea nyumbani.

Sasa mwaka 1886 ikapatikana dhahabu kwenye shamba moja linaitwa Langlaagte, na ndani ya muda mfupi ukingo wote ukawa mashimo na mahema na watu wa kila taifa, jiji likazaliwa hapo. Eneo lote la machimbo wakawa wanaliita Rand kwa kifupi. Hela iliyokuwa inatumika ilikuwa pauni, na ikaendelea kuwa pauni mpaka tarehe 14 Februari 1961 ndo randi ikaingia, na tarehe 31 Mei mwaka huohuo nchi ikawa jamhuri. Jamhuri ya nani? Ya Makaburu, ile ile ya ubaguzi. Kwa hiyo mnaposema jina lao wenyewe mfikirie vizuri wao ni kina nani, maana ni jina la machimbo ambako Waafrika walikuwa wanashuka chini kwa mshahara kiduchu na kulala hosteli mbali na wake zao. Na siyo Wazulu na Wasotho peke yao, kulikuwa na watu wa Msumbiji, wa Malawi, na hata vijana wetu wa Rungwe na Mbeya walichukuliwa na WENELA, shirika la kukusanya vibarua wa migodi, kuja kuchimba huku, hadi Tanganyika ilipopata uhuru serikali ikaukata huo mpango. Wazee wa kule wanalijua hilo neno WENELA vizuri sana. Kwa hiyo ukingo wenyewe una jasho letu pia, lakini jina hatukuulizwa.

Halafu kinachonichekesha ni kwamba shilingi mnayotaka kuifukuza bado iko hai hukuhuku. Nina jirani bibi mmoja, huku bibi anaitwa gogo, mtu wa Soweto tangu utoto. Siku moja namlipa hela ya nyanya akaniambia, mwanangu bado usheleni. Nikashangaa, usheleni gani tena Bondeni, nikajua kasikia mimi Mtanzania anatania. Hakutania. Kwake senti kumi ni usheleni na randi mbili ni iponti, yaani pauni, na wazee wengi wa Kizulu na Kikosa bado wanahesabu hivyo.

Ukikaa ukapiga hesabu inakubali kabisa. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Walipoleta randi wakasema pauni moja ni randi mbili, maana yake randi moja ni shilingi 10, na randi ina senti 100, kwa hiyo shilingi moja ni senti 10 kamili bila kubaki kitu. Ndo maana walichagua nusu pauni kuwa hela yao mpya badala ya pauni nzima, ili shilingi iangukie kwenye namba safi. Peni za Kiingereza ndo zilizowatesa. Shilingi moja ilikuwa peni 12, sasa peni 12 ziingie senti 10, haziingii, peni moja inakuwa senti sifuri nukta themanini na kitu, hiyo utamrudishiaje mtu chenji? Kisarafu cha peni tatu kilichokuwa kinaitwa tiki kikawa senti mbili na nusu. Gogo anasema watu walikuwa na wasiwasi wenye maduka watapandisha bei kwa kisingizio cha kukadiria, ikabidi serikali ilete mhusika mmoja wa matangazo anaitwa Decimal Dan awafundishe watu.

Na hapa nyumbani tunajishusha bure. Sisi Afrika Mashariki tulishavuka huo mto mapema. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoingia 1921 kuchukua nafasi ya florini, iliyodumu muda mfupi tu baada ya rupia, Waingereza hawakutuletea peni, walituletea shilingi yenye senti 100. Wao wenyewe kwao waliendelea na peni 12 kwa shilingi mpaka tarehe 15 Februari 1971, yaani miaka hamsini mizima nyuma yetu, na siku hiyo walipobadilisha ndo shilingi ikafia kwao. Austria nao walikuwa na shilingi yao ikafa yuro ilipoanza kushikwa mkononi 2002. Leo ukitaka shilingi inayonunua kitu njoo Tanzania, Kenya, Uganda, au Somalia. Kwa hiyo ni ya nani sasa?

Maana yake ya asili yenyewe mabingwa wa lugha hawajakubaliana. Ni neno la zamani la makabila ya Wajerumani na Waingereza wa kale, wengine wanasema limetoka kwenye neno la kulia, ule mlio wa sarafu ukiigonga, wengine wanasema limetoka kwenye kukata, kipande kilichokatwa. Mimi napenda hiyo ya kukata, na nina sababu yangu. Shilingi ilihesabiwa karne nyingi sana Uingereza kabla haijawahi kuwa sarafu. Mfalme Æthelberht wa Kent kwenye sheria zake za mwaka 600 hivi anapanga faini kwa shilingi, umemtoa mtu jicho utalipa shilingi kadhaa, umemvunja jino kadhaa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na sarafu ya shilingi mfukoni. Ilikuwa kipimo tu. Sarafu yenyewe ilikuja kugongwa karibu na mwaka 1500, enzi za Henry wa Saba. Kwa hiyo mtu akiniambia shilingi haina thamani kwa sababu huioni tena ile sarafu ya shilingi moja, namjibu kwamba imeshawahi kuishi miaka mia tisa bila kuonekana.

Dola sasa. Hii ndo ya kuchekesha kwa sisi tunaoiita Sauzi Bondeni, maana dola ndo bonde lenyewe. Kuna mji mdogo kule Cheki karibu na mpaka wa Ujerumani, leo unaitwa Jáchymov, Wajerumani waliuita Joachimsthal, bonde la Mtakatifu Yoakim, babu yake Yesu upande wa Maria. Miaka ya 1510 kulipatikana madini ya fedha mengi sana pale, na ukoo wa makabaila wa Schlick ukaanza kugonga sarafu kubwa nzito za fedha karibu na 1520. Watu wakaziita joakimstala, jina refu, wakakata mbele wakabakiza tala, yaani ya bondeni. Waholanzi wakasema daala, Waingereza wakasema dola, wakaitumia pia kwa sarafu kubwa za Wahispania zilizozagaa Amerika, na Marekani ilipokuja kuchagua hela yake 1792 ikachukua jina ambalo watu walikuwa nalo tayari mdomoni. Hizo za Kihispania ziliendelea kuwa hela halali Marekani mpaka 1857.

Na hiyo tala imefika kwetu zamani kuliko mnavyodhani. Sarafu ya Maria Theresa wa Austria, kila moja iliyogongwa baada ya kifo chake imeandikwa 1780 hata kama ni miaka mia baadaye, ni ya ukoo huohuo, na ilitembea Uhabeshi, Oman mpaka Unguja, Waswahili wakaiita riale. Halafu neno likaja mara ya pili kwa mlango mwingine. Waingereza zamani pauni yao ilikuwa inabadilishwa kwa dola nne na kitu, pauni ni shilingi 20, gawa kwa nne unapata tano, basi mtaani kwao shilingi tano wakaiita dola. Sisi tukaipokea hivyohivyo, shilingi tano ni dala. Na wazee wa Dar watakuambia vile vibasi vya watu binafsi vilipoanza nauli ilikuwa dala, konda anaita dala dala, basi likabaki jina. Nauli imepanda mara ngapi sijui, jina halikupanda. Kwa hiyo ukidandia daladala ya Mbagala umepanda bonde la Wacheki, na hakuna aliyewahi kudai libadilishwe.

Ndo maana nasema wanaotaka kufukuza shilingi kwa sababu ya ukoloni wawe na msimamo wafike mwisho. Hela itatoka vilevile, maana ni heller ya Wajerumani waliyotuletea kuanzia 1904, na heller imepewa jina la mji wao unaitwa Hall. Pesa nayo iende, ni paisa ya Wahindi. Fedha ni Kiarabu. Utabaki unaomba mshahara kwa ishara ya mikono.

Na kama bado mnataka kuiga Sauzi, basi mfuate kanuni yao mpaka mwisho, wao walichukua jina la mahali penye dhahabu wakaiweka kwenye noti. Sisi dhahabu yetu inatoka Geita. Haya, nendeni dukani kwa Mangi mkamwambie naomba mkate wa geita mbili na unirudishie chenji mererani, halafu mnipigie simu mniambie amewajibu nini.