Mizania iliyolingana si ushahidi kwamba umepanga sawasawa

Katika mtihani wa kwanza wa utunzaji wa hesabu, mwanafunzi hupewa orodha ya vitu na kutakiwa aviweke katika mafungu matatu, yaani mali, madeni na mtaji. Wengi hufundishwa kwamba jumla ya mali ikilingana na jumla ya madeni na mtaji, basi jibu ni sahihi. Nadhani fundisho hilo linawaponza wanafunzi, kwa sababu kosa moja la kawaida sana halivurugi ulinganifu huo hata kidogo.

Chukua biashara yenye fedha taslimu 500,000, samani 300,000 na wadaiwa 120,000. Upande wa pili ina wadai 150,000, malipo ya awali 90,000 kutoka kwa mteja ambaye bado hajahudumiwa, na mtaji 680,000. Kila upande una 920,000.

Kosa la kwanza huletwa na neno lenyewe. Mwanafunzi anaona "wadaiwa", anasikia deni ndani yake, na analiweka kwenye madeni, ingawa wadaiwa ni watu ambao biashara inawadai, na haki ya kupokea fedha zao ni mali. Hapo mali zinashuka hadi 800,000 na upande wa pili unapanda hadi 1,040,000. Tofauti ni 240,000, ambayo ni mara mbili ya 120,000, kwa kuwa kiasi hicho kimeondoka upande mmoja na kuongezwa upande mwingine. Ndiyo maana anayekuta tofauti hufanya vyema kuigawa kwa mbili na kutafuta katika orodha kitu chenye thamani hiyo.

Kosa la pili halina dalili kama hiyo. Mwanafunzi anayaona malipo ya awali, anawaza kwamba fedha imekwisha kuingia na kwa hiyo ni faida ya mwenye biashara, kisha anaijumlisha 90,000 kwenye mtaji. Mtaji unakuwa 770,000, madeni yanabaki 150,000, na jumla inabaki 920,000 ileile. Mizania imelingana, lakini inamwonyesha mwenye biashara kuwa na chake ambacho kwa kweli bado anadaiwa na mteja, iwe kwa kumhudumia au kwa kumrudishia fedha yake.

Kosa hili hugunduliwa kwa kuuliza, mbele ya kila kitu kilichowekwa upande wa pili, kama yuko mtu wa nje anayeweza kuidai biashara kwa ajili yake. Akiwapo, hilo ni deni, hata kama fedha imekwisha kupokelewa na kutumika.

Watunzi wa mitihani nao wana wajibu wao. Swali linaloandika "mkopo 200,000" bila kusema kama biashara imeuchukua au imeutoa lina majibu mawili yaliyo sahihi, na si haki kumnyima alama aliyechagua mojawapo.