Pembetatu ya wateja wanaorudi: rangi inasema nini, na inaficha nini

Tuseme duka la mtandaoni lilipata wateja wapya 400 Januari, 500 Februari, 900 Machi na 420 Aprili. Machi kulikuwa na punguzo kubwa. Ukijumlisha wanunuzi wote, wapya na wa zamani, Februari walikuwa 620 na Machi 1,138, kisha Aprili wakashuka hadi 790. Jumla hiyo haisemi ni akina nani waliopotea. Jedwali la makundi linasema:

```
Mwezi:      0     1     2    3
Januari   400   120    88   80
Februari  500   150   110
Machi     900   180
Aprili    420
```

Kila mstari ni watu walionunua kwa mara ya kwanza mwezi huo, na namba zinazofuata ni wangapi kati yao walionunua tena mwezi mmoja baadaye, miwili, mitatu. Makundi mapya hayajafikisha miezi mingi, ndiyo maana umbo ni pembetatu. Geuza namba ziwe asilimia, kolesha rangi palipo juu, na mstari wa Machi unapauka mbele ya macho: makundi mawili ya kwanza yalirudi asilimia 30, la Machi 20. Hapa watetezi wa jedwali hili wana haki yao.

Wenye shaka nao wana hoja, na iliyo kali zaidi inahusu ule mstari wa wastani unaopenda kuwekwa chini. Mwezi wa 1 walirudi 450 kati ya 1,800, yaani asilimia 25. Mwezi wa 2 ni 198 kati ya 900, asilimia 22. Msomaji ataona wateja wamepungua kidogo tu. Kumbe Machi, kundi dhaifu, halimo kabisa kwenye hesabu ya pili! Wale wale wa Januari walianguka kutoka 30 hadi 22. Kwa maoni yangu mstari huo ungefutwa. Anayetaka kujua kasi ya kupotea afuate kundi moja kutoka kushoto kwenda kulia.

Rangi nayo ina hila zake. Safu ya mwezi 0 daima ni asilimia 100, na ikipakwa pamoja na nyingine hula rangi yote iliyokolea, tofauti ya 30 na 20 ikabaki haionekani. Iache nje ya kipimo.

Kisha kuna mshazari wa mwisho. Seli 80, 110 na 180 zote ni za Aprili. Ukichota data tarehe 15, zote tatu zitapauka kwa pamoja, na kikao kitaitishwa kujadili janga ambalo ni nusu mwezi tu. Subiri mwezi ufungwe. Mshazari ukibaki umepauka hata baada ya hapo, usilaumu kundi lolote. Tafuta kilichotokea Aprili yenyewe: bei kupanda, bidhaa kuisha, au malipo ya simu kukwama.