Mafuta jikoni: Tanga wanachanga, Hamburg wanahoji

Nyumba ikiungua kwetu Tanga, la kwanza ni kama kuna aliyeumia, la pili ni mchango. Kwamba mama mwenye nyumba aliacha mshumaa ukiwaka umeme ulipokatika, hilo litasengenywa pembeni, lakini halimpunguzii godoro wala sufuria. Huku Hamburg swali la ulizembea kiasi gani lina bei.

Sheria ya bima ya Ujerumani, kifungu cha 81, iko wazi. Ukiwasha moto kwa makusudi, hulipwi hata senti, na kesi ya jinai inakungoja. Uzembe wa kawaida unalipwa wote, maana bima hukatwa kwa sababu binadamu husahau. Kasheshe iko kwenye uzembe mkubwa. Zamani huo ulikunyima kila kitu. Sheria mpya ya 2008 inairuhusu kampuni kupunguza sehemu tu ya malipo, kwa kadiri ya uzito wa kosa.

Tuseme umebandika mafuta ya sambusa, na vitu vilivyoungua ni vya euro 20,000. Kama ulitoka kumfungulia mtu wa vifurushi na maneno yakakuzidi mlangoni, una hoja nzuri kwamba ulipitiwa tu. Kama uliacha jiko kwenye moto mkali ukashuka dukani, kampuni inaweza kukata, tuseme, nusu, ubaki na 10,000. Kuthibitisha uzembe ni kazi yao, ndiyo maana fomu yao inauliza ulikuwa chumba gani, kwa muda gani, na kwa nini hukurudi. Usitunge hadithi. Ukibainika umedanganya kwa makusudi, unaweza kukosa hata kile ambacho ungelipwa.

Mahakama za hapa hazina roho mbaya kama tunavyodhani. Mwaka 1999 huko Düsseldorf walimsikiliza bwana aliyewasha mishumaa ya Adventi mezani, akaenda kumwamsha mwenzake kwa kahawa, akanogewa chumbani. Moto ukashika. Majaji wakasema ni uzembe, ila si mkubwa, kwa kuwa alikusudia kurudi mara moja. (Wazee wa kwetu wangecheka wiki nzima.)

Kwa mpangaji kuna la ziada. Bima ya jengo ikishamlipa mwenye nyumba, kwa kawaida haiwezi kukugeukia kwa uzembe mdogo, lakini kwa uzembe mkubwa inaweza.

Mimi naona utaratibu huu wa kukata sehemu ni wa haki kuliko ule wa zamani, ingawa hiyo asilimia inabaki kuwa mabishano. Michango ya Tanga haina asilimia, ila pia haijengi nyumba upya. Kwa hiyo Waswahili wenzangu wa huku, tunaokaanga kila Ramadhani, fungueni mikataba yenu. Mingi ya siku hizi ina kipengele ambacho kampuni inaahidi kutokukata kwa uzembe mkubwa. Mikataba ya zamani mara nyingi haina, na mingine inakiweka hadi kiasi fulani tu. Kama chako hakipo, piga simu uulize wanaongeza kwa kiasi gani.