Kubadili kichwa cha video kila msimu wa korosho: faida na hatari zake

"Nina video ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, iko YouTube tangu mwaka juzi. Nikiweka skripti ibadili kichwa, maelezo na sura zinazoigawa video kwa dakika, yote kwa ratiba, nitafaidika au nitaharibu?" Swali la mwenye chaneli, Tandahimba.

Kwa kichwa, ratiba ina hoja. Mkulima anatafuta habari za ugonjwa wa ubwiri unga mikorosho inapotoa maua katikati ya mwaka. Oktoba anatafuta habari za minada. Kichwa kinachotaja msimu ulioanza kinamwambia kwamba video inamhusu leo. Ila ukiandika "Msimu wa 2026" juu ya video inayotaja kiasi cha salfa kilichokwisha kubadilishwa na wataalamu, umempotosha mtu mwenye pampu mgongoni. Mwaka ubadilike tu baada ya mtu kuitazama video upya. Na watazamaji wakiongezeka Juni, usikipe kichwa sifa zote, kwa kuwa msimu wenyewe huwaleta. Linganisha kiwango cha kubofya na cha Juni iliyopita.

Hatari kubwa iko kwenye maelezo. Amri ya `videos.update` ya API ya YouTube, ambayo skripti huitumia, hubadilisha sehemu nzima ya `snippet`, yenye kichwa na maelezo: ukipeleka kichwa na `categoryId` peke yake, maelezo yanafutika, na sura zimo humo humo. Kwa hiyo skripti ianze na `videos.list`, ichukue `snippet` yote kama ilivyo wakati huo, iguse mstari mmoja, kisha iirudishe. Wengi huchota maelezo kutoka kwenye jedwali lao la zamani. Hapo sahihisho ulilofanya kwa simu Jumamosi linafutwa Jumatatu, wala hakuna onyo lolote, kwa sababu kwa YouTube kila kitu kimekwenda sawa.

Sura zenyewe sioni sababu ya kuziwekea ratiba. Dakika ya kuchanganya dawa haihami kwa kuwa mwezi umebadilika. Inahama ukikata kipande cha video, na hapo unazirekebisha kwa mkono. Lakini ratiba inaweza kuziharibu bila kuzigusa. Tazama maelezo haya, baada ya skripti kuongeza tangazo juu:

```
Semina Newala, Jumamosi 4:00 asubuhi
0:00 Dalili za ubwiri unga
2:15 Kuandaa pampu
5:40 Kupulizia
```

Orodha ya sura lazima ianze na 0:00, iwe na alama zisizopungua tatu zinazopanda, na kila sura ifike sekunde 10. Ile saa nne ya semina inasomeka kama dakika ya nne ya video. Alama ya kwanza si 0:00 tena, na sura zote zinaweza kutoweka. Utagundua kwa kuangalia mstari wa kuchezesha video: migawanyiko haipo. Andika "saa nne asubuhi" kwa maneno, uliweke tangazo chini ya orodha, na skripti ikimaliza kazi fungua video uitazame.