P/E ya 4 ni bei poa ama ni mtego? Tuangalie Mumias na KCB

"Kaka, nimeona hisa kwenye apu P/E yake ni 4, na nyingine ya hapo hapo ni 15. Si hii ya 4 ndo rahisi? Mbona watu hawaigombanii?" Hili swali limetoka kwa kijana wa hapa Malindi ambae ndo anaanza kununua hisa za Nairobi.

Yaweza kua rahisi kweli, na yaweza kua watu wameshaona kitu ambacho wewe hujakiona. Namba peke yake haikwambii ni lipi kati ya hayo mawili.

P/E ni bei ya hisa moja ugawe kwa faida ya mwaka ya hisa moja, ile inayoandikwa EPS kwenye hesabu za kampuni. Chukua mashua pale Shela, mwenyewe anataka laki 4, na mwaka jana akitoa petroli, nyavu na mgao wa mabaharia alibaki na laki 1. Hapo P/E ni 4, manake ni miaka 4 pesa yako irudi kama mambo yataenda vile vile. Sasa shida yote iko kwenye hilo "vile vile", kwa sababu ile laki 1 ni ya mwaka uliopita, kaskazi ilikua nzuri na samaki walijaa, na ikiwa mbao za chini zimeoza basi kaskazi ijayo itakukuta chombo kiko juu ya mchanga unamngoja fundi. Mwenye kuuza anajua. Bei ameishusha kwa sababu anajua.

Mumias, kampuni ya sukari, ndo mfano ambao mimi humpa kila mtu. Mwaka wa hesabu ulioisha Juni 2012 kampuni ilitangaza faida ya kama shilingi bilioni 2 baada ya kodi, na hisa zake zilikua kama bilioni 1.53, kwa hivo EPS ni shilingi 1.30 hivi. Hisa yenyewe ilikua yauzwa shilingi 5 au 6 mwaka huo, piga hesabu upate P/E ya 4 na kidogo. Na mgao wa faida kwa wenye hisa ikatoa, senti 50 kwa hisa, ambayo kwa bei ile ni zaidi ya asilimia 8. Mtu akitazama hapo aona kiwanda kikubwa cha sukari, faida ipo, mgao upo, na bei iko chini, atake nini tena?

Lakini ungeshuka mistari michache kwenye zile hesabu ungeona faida kabla ya kodi ilikua imeanguka ukilinganisha na mwaka wa nyuma, ila ile ya baada ya kodi ikanyanyuliwa na nafuu ya kodi. Nafuu ya namna hiyo haiji kila mwaka, lakini EPS haibagui, yachukua namba ya mwisho na kuigawa. Halafu kulikua na miwa. Kiwanda kilikua chapata shida ya miwa, viwanda vingine vinanunua kwa wakulima wale wale, na muwa si kitu cha kupanda leo ukavuna kesho, ni kama mwaka na nusu hivi shambani, kwa hivo upungufu ukishaanza hauzibiki msimu mmoja. Na juu ya hayo sukari ya bei nafuu kutoka nje.

Mwaka uliofuata, Juni 2013, ikatangaza hasara ya zaidi ya bilioni 1.6. Miaka iliyofuata hasara ikawa kubwa zaidi, na Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu kwa ajili ya madeni, hisa zikasimamishwa kuuzwa sokoni. Alieinunua kwa P/E ya 4 hakungoja miaka 4 pesa zake zirudi, faida ilikwisha ndani ya mwaka. Kwa maana hiyo ile 4 haikua rahisi kabisa, ilikua ghali, ni vile tu chini ya mstari kulikua na faida iliyokua yaondoka.

Sasa nisiwe kama nasema kila P/E ndogo ni sumu, kwa sababu upande wa pili una ushahidi wake mzito. Mwisho wa 2023 hisa ya benki ya KCB ilikua kama shilingi 22, ilhali faida ya mwaka huo ilikua bilioni 37 na zaidi, yaani EPS kama 11 na zaidi. P/E haifiki hata 2! Na kwa mwaka ule benki haikutoa mgao wowote, wengi wakasema ni dalili mbaya. Mwisho wa 2024 hisa ile ile ilikua juu ya shilingi 40, faida imepanda hadi bilioni 60 na kitu, na mgao umerudi, shilingi 3 kwa mwaka. Tazama vizuri hapo: bei imekaribia mara mbili lakini P/E bado ni 2 na kidogo tu, kwa sababu faida nayo imepanda.

Linganisha basi. Ile iliyotoa mgao ndo iliyozama, na ile iliyonyima mgao ndo iliyopanda. Kwa hivo wanaosema "angalia mgao tu utajua", mimi sikubaliani nao.

Tofauti naiona kwenye sababu ya bei kua chini. Mumias uoga ulikua juu ya biashara yenyewe, miwa na deni, vitu vya ndani. KCB ilikua na matatizo yake pia, mikopo mibovu na gharama zilizokua zaila faida, lakini sehemu kubwa ya uoga ilikua ya nchi nzima: shilingi ilifika karibu 160 kwa dola Januari 2024, na kulikua na yurobondi, deni la serikali kwa wakopeshaji wa nje, ya dola bilioni 2 ya kulipwa Juni, wageni wanauza na kuondoka. Serikali ilipokopa upya Februari, shilingi ikarudi karibu na 130, ule uoga ukapungua.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hawaliweki kwenye hesabu. Februari hiyo hiyo serikali iliuza bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa asilimia 18.46, bila kodi. Gawa 100 kwa 18.46, wapata 5.4. Hiyo ni kama P/E ya bondi, na pesa yaingia mkononi, si faida ya kwenye karatasi. Sasa hisa yenye P/E ya 4 siku hizo haikua rahisi vile unavyodhania. Riba ikishuka mpaka asilimia 12, bondi mpya ni kama 8, na hapo 4 yaanza kuonekana ni ndogo kikweli.

Kwa hivo kijana, kabla hujaigusa hiyo hisa yako fungua hesabu za miaka mitano. Kama faida ya mwaka huu ni kubwa kushinda zote, jiulize imetoka wapi, na weka wastani wa miaka 5 mahala pa EPS ya mwaka mmoja uone kama P/E bado ni 4 ama imeruka ikawa 10. Kisha nenda kwenye ukurasa wa mtiririko wa pesa, tafuta pesa taslimu zilizotokana na biashara. Kampuni isiyo benki ikisema faida bilioni 2 huku pesa iliyoingia ni milioni 200, na hivo mwaka baada ya mwaka, mimi hapo siweki hata shilingi, P/E iwe 4 ama iwe 1. Kwa benki huo ukurasa hausaidii sana kwa sababu amana za wateja zavuruga namba, kwa hivo huko tazama mikopo isiyolipwa na pesa walizotenga kwa ajili yake.